Kwa nini miji ya mwanzo ilizuka kwenye mabonde ya mito, na nini kiliishika isisambaratike?

Kipepeo_wa_Ilala

Wakuu, habari za jioni. Vitabu vya shule vinasema mto ulileta maji na tope lenye rutuba, watu wakavuna kuliko walichokula, mji ukazaliwa. Sawa. Lakini Rufiji ina maji na tope, Kilombero vilevile, na Mto Kongo ndiyo usiseme. Mbona huko hakuzuka mji wa watu elfu thelathini miaka 5,000 iliyopita?

La pili ndilo linanisumbua zaidi. Watu elfu thelathini hawawezi kuwa ukoo mmoja. Nini kiliwafanya wakae pamoja karne kwa karne, badala ya kila mtu kuswaga mbuzi zake na kwenda zake? Naomba jibu lenye nyama, siyo "walikuwa na serikali na dini".

Mzee_Kifimbo

Jibu ni jepesi: mifereji. Mfereji wa kilomita ishirini hauchimbwi bila mtu wa kuamuru, wa kupanga zamu na wa kumchapa mvivu. Aliyeshika mlango wa maji ndiye akawa mfalme. Mwanahistoria Karl Wittfogel alilimaliza suala hili mwaka 1957. Tufunge uzi.

Shayiri_na_Tope

Mzee Kifimbo, usifunge bado. Umeshika nusu, na hiyo nusu ina mpangilio uliogeuzwa.

Baada ya Wittfogel, mwanaakiolojia Robert McCormick Adams alizunguka tambarare za Iraki kwa miaka mingi akiokota vigae juu ya ardhi na kulinganisha na picha za ndege, ili ajue kijiji kipi ni cha lini na kilikunywa maji ya mfereji upi. Alichokuta ni kwamba mifereji mikubwa ya kifalme inakuja baada ya miji, na wakati mwingine karne nyingi baadaye. Uruk, mji wa kusini mwa Iraki, ile Ereku ya kitabu cha Mwanzo, ilikuwa imeshafika karibu hekta 250 kwenye mwaka 3200 KK. Wakati huo mashamba yake yalipata maji kwenye matawi ya asili ya Frati na michirizi mifupi ambayo vijiji viwili vitatu viliweza kuchimba wenyewe. Mtawala alikuwepo kabla ya mfereji wake mkubwa.

Nibaki na Uruk tu, maana kila bonde lina mambo yake. Kusini mwa Iraki mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka, kwa hiyo bila mto hakuna shayiri. Mto wenyewe umebeba tope jingi, na kila unapofurika hulimwaga hapo hapo kando. Miaka ikipita kingo zinainuka na mto unakuwa juu kuliko mashamba yanayouzunguka. Kwa mkulima hilo ni zawadi: unatoboa ukingo kidogo, maji yanateremka yenyewe, huhitaji pampu wala kuinua ndoo. Mashamba yalikatwa marefu membamba, upande mfupi ukigusa mfereji, ili watu wengi wapate mdomo wa maji.

Tatizo ni kalenda. Shayiri hupandwa Oktoba na Novemba, wakati mto uko chini kabisa. Mafuriko yanakuja Aprili na Mei theluji ya milima ya Uturuki ikiyeyuka, na hapo shayiri imeshakauka shambani inasubiri mundu. Kwa hiyo mtu huyo huyo anayelilia maji vuli ndiye anayeyazuia kwa mikono miwili masika. Akiacha ukingo wake ubomoke, hazami peke yake. Shayiri ya jirani inalala kwenye maji wiki moja kabla ya mavuno.

Hapo ndipo majirani wanalazimika kuelewana. Lakini kuelewana kwa vijiji vitatu bado siyo mji.

Bwana_Mfongo

Nakubaliana na Shayiri kuhusu kuelewana. Sisi upande wa Kilimanjaro tuna mifongo ya tangu enzi za mababu. Mfongo una ukoo uliouchimba, wazee wake wanapanga zamu, asiyekuja kusafisha hapati maji. Hakuna aliyehitaji mfalme wa kutugawia.

Nitumie nafasi hii hii wataalamu mkiwepo: kuna shamba la tambarare huku chini tunamwagilia mahindi, msimu wa tatu sasa udongo umeanza kutoa unga mweupe juu na mahindi yanaungua ncha za majani. Dawa yake ni nini?

KerioKE

Bwana Mfongo ameweka point poa sana. Ongezeni Wamarakwet pale Kerio: mifereji inashuka kutoka kwa escarpment, koo ndizo zinamiliki, na hadi leo inafanya kazi. Halafu Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa huko Tanzania. Mifereji ya mawe, mashamba ya mawe, eneo la kama kilomita mraba 20, walikaa pale kutoka kama karne ya 15 hadi ya 18. Irrigation ya kufa mtu, lakini hakuna mji, hakuna kasri, hakuna maandishi. Kwa hivyo theory ya Mzee Kifimbo imekufa hapo Engaruka.

Mzee_Kifimbo

Haijafa. Engaruka walikuwa wachache.

KerioKE

Ndio hilo sasa swali. Mbona walibaki wachache?

Shayiri_na_Tope

KerioKE umeuliza vizuri kuliko wengi. Nijaribu, ingawa hapa wataalamu wenyewe bado wanavutana.

Hoja ya kwanza ni aina ya chakula. Mgomba unakupa ndizi mwaka mzima, muhogo unakaa ardhini mpaka ukihitaji. Mtu akija kudai sehemu yake, atadai nini, na lini? Shayiri inaiva yote kwa mpigo, inaonekana kutoka mbali, inakatwa, inapurwa kwenye uwanja mmoja na kupimwa kwa kipimo kimoja. Ikikauka vizuri inakaa ghalani hadi mavuno mengine na zaidi. Chakula cha namna hiyo kinahesabika, na kinachohesabika kinaweza kuchukuliwa, kukopeshwa na kugawiwa.

Lakini hoja hii peke yake haitoshi, kwa sababu Engaruka walilima mtama, nao ni nafaka inayowekwa ghalani. Ndipo inakuja hoja ya pili, ya mwanaanthropolojia Robert Carneiro, ya mwaka 1970: mtu aliyechoka na mkubwa wake anaweza kuondoka? Kilombero au bonde la Kongo unahama, unafyeka, unaanza upya. Kusini mwa Iraki ukiacha mstari wa maji unakutana na jangwa upande mmoja na mabwawa ya matete upande wa pili. Shamba lenye mfereji, lililosawazishwa na baba yako, hulibebi mgongoni.

Hata hivyo siikubali hoja ya Carneiro yote. Mabwawa yale hayakuwa ukuta. Yalijaa samaki, ndege, matete ya kujengea, na mashua zilipita. Watu waliishi humo vizuri tu. Mimi naona mabwawa yaliwavuta watu Uruk zaidi ya yalivyowafungia. Kwenye eneo dogo una shayiri kwenye kingo, samaki bwawani, kondoo nyikani na mitende bustanini, na kila kundi linahitaji bidhaa ya mwenzake. Mahali pa kubadilishana ndipo watu wanapojikusanya, na mara nyingi mahali hapo palikuwa hekalu.

Maji_ya_Mwanza

Jamani msiisahau Misri. Ile tope na mafuriko yaliyojenga mapiramidi ni maji yetu ya Ziwa Victoria.

Kigae_Kimoja

Maji ya Mwanza, mchango wetu upo ila siyo kwenye mafuriko. White Nile hutiririka karibu sawasawa mwaka mzima, na kama nusu yake inapotelea kwenye mabwawa ya Sudd, Sudani Kusini. Mafuriko na tope vinatoka nyanda za juu za Ethiopia kupitia Blue Nile na Atbara. Yalifika Misri Julai hadi Oktoba, yakaondoka, ndipo mkulima akapanda kwenye ardhi iliyolowa. Ni kinyume kabisa cha kalenda aliyoeleza Shayiri, na ndiyo maana mkulima wa Misri hakuhangaika kama wa Uruk, wala ardhi yake haikuharibiwa na chumvi kwa kiasi kile. Mafuriko yenyewe yaliisuuza kila mwaka.

Sasa swali la pili la mwenye uzi, maana limeachwa. Nini kiliwashika? Mimi nasema posho na udongo.

Pale Uruk, na kila mahali palipofikiwa na watu wake, kuna bakuli moja baya kuliko yote utakayowahi kuona. Udongo umechanganywa na makapi, umeshindiliwa ndani ya kalibu, ukingo umekatwa kwa mshazari, na ndani unaona alama za vidole au ngumi ya aliyeshindilia. Halikupakwa rangi wala kulainishwa. Kuna machimbo ya wanaakiolojia ambapo bakuli hizi ni zaidi ya nusu ya vyombo vyote, na nyingine zimetupwa zikiwa nzima. Wengi wanasema ni bakuli la posho ya siku. Wengine wanasema ni kalibu ya kuokea mkate. Kwangu tofauti siyo kubwa, kwa sababu vyovyote vile kuna mtu analisha watu mamia ambao hawapiki kwao. Katika maandishi ya mwanzo kabisa, alama ya chakula inafanana na bakuli hilo hilo, na alama ya kula ni kichwa cha mtu na bakuli mbele yake.

Posho inahitaji ghala, na ghala linahitaji uaminifu kati ya watu wasiojuana. Walifanya hivi: mlango ukifungwa, kamba inazungushwa kwenye kigingi kilichopo ukutani, juu ya fundo wanabandika donge la udongo mbichi, kisha anakuja mwenye dhamana anaviringisha muhuri wake wa jiwe, mfano wa pipa dogo lenye picha zilizochongwa. Udongo ukikauka, huwezi kufungua bila kuuvunja. Vipande vilivyovunjwa havikutupwa ovyo. Viliwekwa kama ushahidi wa nani alifungua. Leo ukigeuza kipande unaona mgongoni alama ya kamba na ya kigingi, ndiyo tunajua kilifunga mlango na siyo mdomo wa mtungi.

Watu wakizidi, muhuri hautoshi na hapo yanakuja maandishi. Vibao vya udongo vya Uruk ni maelfu, na sehemu kubwa kabisa, zaidi ya nane kati ya kumi, ni hesabu tupu: shayiri, kondoo, bia, vibarua. Kimoja maarufu kinataja vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37 pamoja na alama zinazosomwa Kushim. Huenda ni jina la mtu, huenda ni cheo au ofisi. Hakuna shairi wala sifa za mfalme humo. Walioandika walikuwa makarani wa stoo.

Kipepeo_wa_Ilala

Kigae, hapa ndipo nilipopataka. Posho yenyewe ilikuwa kiasi gani? Na shamba la ukubwa gani lililisha watu wangapi?

Kigae_Kimoja

Kwa Uruk ya mwanzo viwango havisomeki wazi hivyo. Nenda mbele miaka elfu moja, wakati wa wafalme wa Ur, mji mwingine wa kusini mwa Iraki, karibu 2100 hadi 2000 KK, hesabu zimenyooka. Mwanamume wa kazi za kawaida alipewa sila 60 za shayiri kwa mwezi, mwanamke 30, mtoto 10 hadi 20 kwa umri. Sila ni karibu lita moja. Juu yake kuna mafuta kidogo, na sufu au nguo mara moja kwa mwaka.

Chukua karakana ya wanawake 30 wafumaji na wanaume 20 wa kubeba na kulinda. Wanaume ni lita 1,200, wanawake 900, jumla 2,100 kwa mwezi, au 25,200 kwa mwaka. Mavuno ambayo makarani wa Ur walitegemea yalikuwa karibu lita 1,400 kwa hekta. Kwa hiyo unahitaji hekta 18 zilizovunwa. Lakini shamba lilipumzishwa kila baada ya mwaka mmoja, basi ni hekta 36. Na hapo hujatoa mbegu, chakula cha maksai wa plau, wala posho ya wavunaji wenyewe. Watu hamsini tu. Sasa fikiria karakana za ufumaji za jimbo la Girsu zilizokuwa na wanawake elfu kadhaa.

Angalia pia kwamba mwanamke alipata nusu na yeye ndiye aliyefuma nguo zilizouzwa nje. Wengine walikuwa mateka wa vita, wengine wajane na watoto waliokabidhiwa hekalu. Ukiuliza kilichowashika, kwa hawa jibu ni njaa.

Bin_Suwedi_Maskati

Assalamu alaykum. Nguo hizo zilikuwa zikija huku. Tambarare ya Iraki haina jiwe la maana, haina mbao ngumu, haina shaba. Shaba yao waliitoa Magan, na Magan ndiyo Oman ya leo. Walipitia Dilmun, yaani Bahrain. Kuna vibao vya Ur vya mfanyabiashara aitwaye Lu-Enlila aliyepewa nguo na sufu kutoka ghala la hekalu la Nanna, mungu wao wa mwezi, akalete shaba ya Magan. Kwa hivyo msiseme posho tu. Bila bahari hata mundu wa shaba wasingekuwa nao.

Shayiri_na_Tope

Wa alaykum salaam. Kwa wakati wa Ur ni kweli kabisa. Ila mundu wa awali Uruk ulikuwa wa udongo uliochomwa sana, wala siyo shaba. Wanaokota maelfu. Uchumi wa mkate ulijitosheleza. Kilichohitaji safari ni vitu vya wakubwa na vya hekalu, na ndiyo maana biashara ya mbali ilikuwa mikononi mwa wenye ghala.

Bwana Mfongo, sijakusahau, na swali lako limo humu humu. Unga mweupe ni chumvi. Maji ya kumwagilia yana chumvi kidogo, mmea unakunywa maji na kuiacha. Ukimwagilia sana bila njia ya maji kutoka, maji ya chini yanapanda. Yakikaribia uso wa ardhi yanafyonzwa juu kama utambi unavyofyonza mafuta, yanakauka, chumvi inabaki. Hakuna dawa ya dukani. Chimbeni mitaro ya kutolea maji iliyo chini kuliko shamba, halafu mfurishe maji mengi kwa mara moja yashuke nayo. Bila mtaro, kufurisha kutaongeza ugonjwa. Kabla ya yote pelekeni sampuli ya udongo ipimwe.

Wasumeri, yaani watu wa miji hiyo ya kusini mwa Iraki, hawakuwa na mitaro ya kutosha kwa sababu tambarare yao haina mteremko. Dawa yao ilikuwa kulaza shamba mwaka mmoja, magugu yenye mizizi mirefu yafyonze maji ya chini yashuke, mwaka unaofuata walime. Ilifanya kazi mradi hukuwa na haraka. Mfalme akitaka posho zaidi anabana mapumziko, na hapo chumvi inapanda. Thorkild Jacobsen na Adams waliandika mwaka 1958 kwamba ngano ilipungua ikaachia shayiri inayovumilia chumvi, na mavuno yakashuka karne kwa karne. Hesabu zao zimepingwa baadaye, hasa usomaji wa vipimo, na ni kweli kwamba shayiri inaweza kuwa ilipendwa kwa bia na kwa mifugo tu. Mimi naamini chumvi ilikuwepo na iliuma, ila haikuangusha miji kila mahali kwa wakati mmoja.

Ugomvi wa maji ndio uliouma zaidi. Miji miwili jirani, Umma na Lagash, ilipigana vizazi kadhaa, karibu 2500 hadi 2350 KK, kwa shamba la mpakani liitwalo Gu'edena na mfereji wake. Umma walilima sehemu ya shamba kwa kulipia shayiri, hawakulipa, deni likala riba mpaka likawa halilipiki. Umma ndio walikuwa juu ya mkondo, wakageuza maji. Mfalme Enmetena wa Lagash akaamua kuchimba mfereji kutoka Tigri ili asiwaombe tena. Mzee Kifimbo, mfereji wako mkubwa ndio huu: umechimbwa na mfalme ambaye tayari yupo, kwa sababu ya vita.

Mzee_Kifimbo

Angalau umekiri kuna mfalme na mfereji. Na posho ilipokwisha, mji ulikufa?

Kigae_Kimoja

Ur ni mfano mzuri. Chini ya Ibbi-Sin, mfalme wa mwisho, majimbo yaliacha kuleta michango mwaka baada ya mwaka. Unaliona kwenye vibao: kila mwaka ulipewa jina na mfalme, na makarani wa jimbo moja wanaacha kutumia majina ya miaka ya Ibbi-Sin, kisha jimbo lingine. Bei ya nafaka ikapaa. Ishbi-Erra, ofisa wake, alishika mji wa Isin na nafaka yake akajitangaza mfalme. Mwaka 2004 KK Waelamu, watu wa upande wa Irani ya leo, waliingia Ur. Lakini mji wenyewe haukufa. Watu waliendelea kuishi pale karne nyingi. Kilichokufa ni mtandao wa posho wa dola, siyo nyumba kwa nyumba.

Na kumbukeni kwamba familia nyingi hazikula posho ya hekalu kabisa. Zilikuwa na mashamba yao, madeni yao, majirani wao. Vibao vinatuonyesha zaidi waliolishwa kwa sababu wao ndio waliohesabiwa.

KerioKE

Na bonde la Mto Indus, Pakistani ya leo, je? Mji wao wa Mohenjo-daro hakuna kasri, hakuna sanamu kubwa ya mfalme, na miji yao ilisimama karne kama sita, 2500 hadi 1900 KK. Huko nani alikuwa anagawa posho?

Kigae_Kimoja

Huko posho haionekani. Kinachoonekana ni vipimo. Mawe ya mizani yenye umbo la dadu, kizio cha karibu gramu 13.6, yanapanda kwa kuzidisha mara mbili, na ni yale yale mji hadi mji kwa mamia ya kilomita. Matofali yana uwiano mmoja: unene moja, upana mbili, urefu nne. Ukitaka kujua kama kulikuwa na mamlaka, usitafute kasri, tazama mifereji ya maji machafu. Inapita chini ya mitaa, ina vifuniko vya matofali vinavyoinuliwa, na mashimo ya kunasia taka kila baada ya umbali fulani. Mashimo yale yakiachwa bila kuzolewa yanaziba na maji yanarudi nyumbani kwa watu. Yalizolewa kwa karne kadhaa.

Mzee_Kifimbo

Na wazoaji walilipwa na nani?

Kigae_Kimoja

Mtaa, au wenye nyumba, au baraza la wafanyabiashara. Kila jibu lina watetezi wake. Maandishi yao ni mafupi mno, wastani wa alama tano kwa muhuri, na hayajasomwa. Katika miaka ya mwisho wa mji matofali yanazidi kuokotwa kwenye majengo ya zamani, nyumba zinakatwa vyumba vidogo, na mifereji ile inaachwa ijae.